Alhamisi narudi kliniki ya kolesteroli. Nimuulize nini daktari zaidi ya "imeshuka"?

Baba_Kihonda (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Nina miaka 54, nipo Morogoro. Sukari ninayo mwaka wa 11 sasa, presha kama miaka sita. Nameza metformini na amlodipini. Mwanzoni mwa mwaka nilipimwa mafuta kwenye damu, LDL, ile kolesteroli mbaya, ikasoma 4.1. Nikaandikiwa atovastatini ya miligramu 20, kidonge kimoja usiku.

Baada ya miezi mitatu nikarudia kipimo, ikasoma 2.7. Daktari akaangalia karatasi, akasema, "Imeshuka vizuri, endelea hivyo hivyo." Sikukaa mle ndani hata dakika tano. Nilipofika stendi ndiyo nakumbuka kwamba sijamwambia mapaja yananiuma, yote mawili, tangu kama wiki ya tatu ya dawa. Wala sikuuliza nitapima tena lini.

Karatasi ya maabara imeandika kawaida ni chini ya 3.4, kwa hiyo 2.7 inaonekana ni nzuri. Lakini mdogo wangu alipata kiharusi akiwa na miaka 51, na sitaki kwenda tena kuitikia tu "ndiyo daktari" halafu nitoke. Alhamisi ijayo nina miadi. Mnaojua haya mambo, ninyi mngeuliza nini?

Mpanda_Ngazi

Mkuu, 2.7 iko chini ya 3.4, umeshafika. Swali la kuuliza ni moja tu: utaacha lini hiyo dawa, maana zinaharibu ini zikitumiwa muda mrefu. Mjomba wangu alimeza miezi minne, ikashuka, akaacha. Yuko salama mpaka leo.

Mfamasia_Zamu

Baba Kihonda, shikamoo. Mimi ni mfamasia, nimekaa kliniki ya moyo na sukari miaka kadhaa. Pole sana kwa mdogo wako.

Nianze na hiyo 3.4, maana hapo ndipo wengi wanapotelea. Namba iliyochapwa pembeni ya majibu ni ya kila anayeleta damu pale maabara, kijana wa miaka 22 na wewe. Maabara haijui kuwa una sukari miaka 11 na presha juu yake. Lengo lako linatokana na uwezekano wako wewe wa kupata kiharusi au shambulio la moyo. Kwa mwongozo wa Ulaya wa 2019, mtu aliyekaa na sukari zaidi ya miaka kumi, bila kiungo kilichoharibika, anatakiwa awe chini ya 1.8, na pia awe ameshuka angalau nusu ya alipoanzia. Ikiwa sukari imeshagusa figo, kwa mfano mkojo una protini, lengo linashuka zaidi hadi chini ya 1.4.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe "namba yangu ni nzuri?" Uliza hivi: "Daktari, kwa hali yangu, lengo langu la LDL ni ngapi, na mkojo wangu umepimwa protini lini?" Hilo la mkojo linaonekana limetoka nje ya mada, lakini ndilo litakaloamua lengo lako ni lipi kati ya hayo mawili.

Sasa hesabu. Kutoka 4.1 hadi 2.7 umeshuka 1.4, ambayo ni kama asilimia 34. Atovastatini ya 20 ikimezwa kila siku, kwa kawaida hushusha asilimia 40 na kitu. Ningetarajia kukuona kwenye 2.3 au 2.4. Si tofauti kubwa, watu hawafanani, lakini inanifanya nikuulize jambo moja bila kukulaumu: wiki mbili tatu kabla ya kile kipimo cha pili, ulikuwa unameza kila siku?

Mswahili_Hyuston

Jamani mnanitisha. Mimi nipo Teksasi, nimepima juzi LDL yangu ni 104. Mwenzetu ana 2.7 na anaambiwa bado. Mimi wa 104 nikimbilie hospitali usiku huu?

Mfamasia_Zamu

Kaka, tulia. Marekani wanapima kwa mg/dL, huku kwetu maabara nyingi zinatoa mmol/L. Kwa LDL unazidisha mmol/L mara 38.67. Chukua 2.7 ya Baba Kihonda uizidishe, unapata 104. Wewe na yeye mna namba ileile kabisa.

Ila umenikumbusha jambo. Maabara mbili za mji mmoja zinaweza kutoa vizio tofauti. Nimewahi kumwona mama aliyelia kwenye benchi akidhani kolesteroli yake imepanda mara arobaini, kumbe alikuwa amebadilisha maabara tu. Mtu akienda kliniki abebe karatasi zote mbili, ya kwanza na ya sasa, akiwa ameangalia kizio kilichoandikwa mbele ya namba.

Mswahili_Hyuston

Asante dada, nimepumua. Lakini daktari wangu hajanipa lengo lolote. Alisema anataka ishuke asilimia 30 hadi 49 tu, basi. Sasa huo mwongozo wenu wa 1.8 umetoka wapi?

Mfamasia_Zamu

Hapo kuna tofauti ya kweli, wala daktari wako hajakosea. Mwongozo wa Marekani wa 2018 uliweka mkazo kwenye nguvu ya dawa na asilimia ya kushuka, na ile 70 yao, ambayo ndiyo 1.8 yetu, waliitumia zaidi kama mstari wa kuongeza dawa kwa wale ambao wameshapata shambulio na wako kwenye hatari kubwa. Ulaya wao wanataja lengo kwa kila kundi. Madaktari wa huku wamesomea miongozo tofauti, wengine Ulaya, wengine Marekani, wengine wanatumia chati za WHO. Ndiyo sababu nasema muulize wa kwako anafuata lengo lipi na kwa nini. Akikujibu kwa asilimia, sawa pia, ili mradi wote wawili mjue mnaelekea wapi.

Binti_Kibokoni

Mimi nipo Mombasa, ni mgonjwa wa kando maana swali ni la mamangu. Yeye apewa simvastatini 40 na amlodipini 10, miaka miwili sasa. Juzi alianza kulalamika miguu yamvunja, ngazi hazipandi vizuri. Ndugu zangu wasema ni uzee, ana 68. Nasoma hapa Baba Kihonda naye yuko kwenye amlodipini na mapaja yamuuma. Je, ni zile dawa mbili zagongana?

Mfamasia_Zamu

Dada, lako ni la haraka kuliko la mwenye uzi, naomba unisome vizuri.

Amlodipini inazuia mwili kuivunja simvastatini, hivyo simvastatini inarundikana kwenye damu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka kikomo mwaka 2011: anayemeza amlodipini asizidishe simvastatini ya 20. Mama yuko kwenye 40. Ukichanganya hilo na kushindwa kupanda ngazi, si jambo la kusubiri miadi ya mwezi ujao. Apelekwe kesho kwa daktari wake au mfamasia aliye karibu, na dawa zote mkononi, hata za kikohozi. Asiache ya presha kwa hofu. Aulizwe pia kama hivi karibuni amepewa antibayotiki ya klarithromaisini au erithromaisini, au dawa ya fangasi kama itrakonazo, kwa sababu hizo na simvastatini hazitakiwi kabisa kuwa pamoja. Balungi nalo aliache kwa sasa.

Mkojo ukigeuka rangi ya kahawa, au akidhoofika hadi kushindwa kuinuka kitini, usingoje kesho. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Hiyo ni dalili ya misuli kuvunjika na kuziba figo. Ni nadra sana, lakini ikitokea muda ni mali.

Kwa Baba Kihonda hali ni nyingine. Atovastatini na amlodipini kwa kawaida hazina mgongano wa namna hiyo.

Binti_Kibokoni

Mkojo wake wa kawaida, nimemuuliza sasa hivi. Kesho asubuhi twenda. Shukran sana.

Baba_Kihonda

Mfamasia, marahaba. Umeniuliza kuhusu kumeza kila siku, na sitaficha. Dawa iliisha, duka ninalochukulia kwa bima likawa halina. Niliambiwa nirudi Jumatatu, Jumatatu ikawa Jumatatu nyingine. Nilikaa siku 12 bila kidonge. Nilipoipata nikameza siku mbili, ya tatu nikaenda kupima kwa sababu tarehe ya kipimo ilikuwa imefika. Daktari hakuniuliza, na mimi sikudhani ni jambo la kusema.

Mfamasia_Zamu

Basi hilo ndilo jambo kubwa kwenye uzi huu wote.

Ukiacha statini, yaani dawa za jamii ya hiyo atovastatini yako, LDL haikai ilipokuwa. Ini linarudi kazini, na ndani ya wiki mbili hadi nne LDL inakaribia pale ulipoanzia. Kwa hiyo ile 2.7 haisemi dawa inakufanyia nini. Ni picha iliyopigwa katikati ya mlima, ukiwa umeshaanza kupanda tena. Huenda kwenye dawa ulikuwa 2.3. Hatujui.

Angalia inavyoweza kwenda vibaya kwa njia mbili. Daktari mmoja akiiona 2.7 anasema endelea, kumbe hata 2.3 isingefika lengo la 1.8. Mwingine makini anaiona 2.7, anasema dawa ni dhaifu, anakupandisha hadi 40 au 80 kwa tatizo ambalo chanzo chake ni duka kukosa dawa. Na kupandisha dozi hakuleti kikubwa kama watu wanavyodhani. Kila ukizidisha dozi ya statini mara mbili, unapata nyongeza ya kama asilimia 6 tu ya kushuka.

Alhamisi lianze hili kabla ya jingine lolote: "Daktari, kipimo kile nilipima nikiwa nimekosa dawa siku 12. Tunaweza kukirudia?" Utaratibu wa kawaida ni kupima wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza au kubadili dozi, ukiwa unameza bila kuruka. Hesabu yako inaanza upya siku uliyorudi kwenye dawa.

Kufunga kula kabla ya kipimo si lazima kwa wengi, muulize tu kama trigliseridi zako, yale mafuta mengine ya kwenye damu, zilikuwa juu sana mara ya kwanza. Zikiwa hivyo atataka ufunge.

Mkulima_Ifakara

Mimi niongelee mapaja. Mwaka jana niliumwa misuli nikiwa kwenye rosuvastatini. Nikapimwa kitu kinaitwa CK, kinachoonyesha misuli ikiumia, ikatoka 412 wakati karatasi inasema mwisho 190. Nikaogopa nikatupa dawa. Baadaye daktari mwingine akaniuliza, siku mbili kabla ya kipimo ulifanya nini? Nilikuwa napakia magunia ya mpunga. Akanipumzisha wiki nzima, nikapima tena bila kubadili dawa, ikawa 230. Akasema kwa sisi Waafrika namba hiyo huwa juu ya kile kilichochapwa hata kama mtu hana tatizo lolote. Nikarudi kwenye dawa, bado nameza.

Mpanda_Ngazi

Lakini 230 bado imezidi 190. Huoni daktari anakufariji tu?

Mkulima_Ifakara

Ndugu yangu, hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo. Alinijibu kwamba wanaanza kushtuka ikizidi mara nne ya ile ya mwisho, na ikifika mara kumi dawa inasimamishwa mara moja.

Mfamasia_Zamu

Mkulima yuko sahihi. CK za watu wenye asili ya Afrika kwa wastani ziko juu ya zile za Wazungu, na viwango vingi vya kawaida vinavyochapwa havikutengenezwa kwa kututazama sisi. Kazi nzito nayo inaipandisha kwa siku kadhaa. Ndiyo maana CK haipimwi ovyo kwa kila mtu, inapimwa kwa mwenye maumivu au udhaifu.

Mpanda Ngazi, nikujibu la ini kwa heshima, kwa sababu nusu ya ulichosema ina mzizi. Statini huweza kupandisha vimeng'enya vya ini, na ndiyo sababu ALT hupimwa kabla ya kuanza, na mwongozo wa Ulaya unataka irudiwe kama wiki 8 hadi 12 baadaye. Ikizidi mara tatu ya kikomo na ikabaki hapo, dawa inaangaliwa upya. Lakini madhara makubwa ya ini ni nadra kiasi kwamba mwaka 2012 Wamarekani waliondoa agizo la kupima ini mara kwa mara kwa kila anayezimeza. Kuhusu mjomba wako, namtakia afya. Ila LDL yake ilikuwa chini kwa sababu ya dawa, na wiki chache baada ya kuacha ilirudi. Kwamba hasikii kitu si ushahidi, kolesteroli haiumi.

Mpanda_Ngazi

Nimekuelewa kwenye ini. Kwenye kumeza maisha yote bado sijashawishika, lakini nitamwambia akapime.

Mfamasia_Zamu

Hilo linatosha kabisa.

Baba Kihonda, kuhusu mapaja. Maumivu ya statini kwa kawaida huwa pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa ya mapaja, makalio na mabega, na huanza wiki za mwanzo. Yako yanafanana na hayo. Hata hivyo kuna utafiti wa London uitwao SAMSON, wa 2020. Walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa miezi ya statini, miezi ya kidonge kisicho na dawa, na miezi bila kidonge chochote, bila wao kujua kati ya vidonge viwili wako kwenye kipi. Dalili walizopata kwenye kidonge kitupu zilikuwa kama asilimia 90 ya zile za kwenye statini. Maumivu yalikuwa ya kweli, waliumia. Lakini sehemu kubwa haikutoka kwenye dawa yenyewe.

Sasa wewe bila kukusudia umefanya jaribio dogo. Katika zile siku 12 bila dawa, mapaja yalipoa?

Baba_Kihonda

Nimekaa nikafikiria. Hayakupoa. Tena wiki ile nilikuwa nasaidia fundi kupandisha tofali nyumbani, na mapaja yaliuma zaidi. Lakini siku 12 zinatosha kujua?

Mfamasia_Zamu

Hazitoshi. Wengine huchukua hadi mwezi kupona. Na tofali zimevuruga picha. Mweleze daktari hivyo hivyo ulivyotueleza, tarehe na tofali, halafu uliza: "Je, tunahitaji CK na TSH?" TSH inapima tezi la shingo, na tezi hilo likifanya kazi kidogo, hupandisha LDL na wakati huo huo huleta maumivu ya misuli. Kipimo kimoja kinaweza kueleza yote mawili.

Binti_Kibokoni

Nimerudi. Mamangu CK yake imetoka zaidi ya mara tano ya kikomo. Figo nzuri, alhamdulillah. Wamesimamisha simvastatini, arudi wiki mbili. Daktari asema akitulia atampa rosuvastatini kidogo badala yake. Ile ya presha ameachiwa.

Mfamasia_Zamu

Afadhali mmekwenda. Akianzishwa mpya, ulizeni tarehe ya kupima tena kabla hamjatoka mlangoni. Na kama anakunywa dawa ya maji ya kiungulia, aiweke saa mbili nzima baada ya rosuvastatini, maana inaipunguza nguvu.

Baba_Kihonda

Wakuu, nimetoka kliniki mchana huu. Niliandika maswali kwenye karatasi ya daftari, nikaiweka mezani kabla sijakaa. Nilianza na la siku 12. Daktari aliweka kalamu chini, akaniambia, "Hili ungeniambia siku ile." Nilimwomba radhi, naye akasema alipaswa kuuliza.

Lengo langu ameandika kwenye kadi: chini ya 1.8. Mkojo haukuwahi kupimwa protini, nimetoa leo, majibu Jumanne. Ikitoka na protini amesema lengo linabadilika. ALT na TSH wamechukua. CK kasema nisipime leo kwa sababu jana nilibeba saruji, nirudi baada ya siku saba za kupumzika.

Dozi hajagusa. Nameza 20 ileile kila siku kwa wiki nane, halafu kipimo cha mafuta. Nilimuuliza nisipofika lengo kitafanywa nini. Akasema ikibaki karibu 2.3 atafikiria kuongeza ezetimibi ya miligramu 10, ambayo inaweza kushusha kama moja ya tano ya kilichobaki, badala ya kunipandisha statini huku mapaja hayajaeleweka. Nilipiga hesabu kwenye daladala: 2.3 ukitoa moja ya tano inakuja kama 1.84. Hapo hapo kwenye mstari.

Mswahili_Hyuston

Je, na dawa kukosekana dukani? Si itajirudia?

Baba_Kihonda

Nilimuuliza. Ameniandikia ya siku 60 badala ya 30, na akanipa jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni, ili duka lolote lenye atovastatini ya 20 linipe. Bima watakubali siku 60 au la, hilo sijui bado. Kesho asubuhi naenda dirishani kwao.

Mfamasia_Zamu

Wakikataa 60, uliza kama wanaruhusu uchukue siku saba kabla ya kuisha. Sehemu nyingi wanaruhusu lakini hawasemi. Tuletee majibu ya mkojo Jumanne.